Kutoka Mazungumzo hadi Muhtasari: Malengo, Vikwazo na Ahadi katika Kikao cha Uelekezi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna rekodi ya kikao cha uelekezi inavyoweza kufupishwa ili kubaini malengo ya mwelekezwa, vikwazo vinavyomkabili, na ahadi alizotoa kabla ya kikao kinachofuata. Hoja kuu ni kwamba kazi hii hutofautiana na ufupisho unaofundishwa shuleni, na kwamba baadhi ya kanuni za usemi wa taarifa, zikifuatwa bila tahadhari, hudhoofisha ahadi ya msemaji. Mfano unaochanganuliwa ni wa mwalimu chipukizi wa Kiswahili katika eneo la Bahati, Nakuru.

1.0 Utangulizi

Uelekezi ni uhusiano wa kikazi ambapo mtu mwenye tajiriba humsaidia mwenzake asiye na uzoefu mkubwa kuikuza kazi yake kupitia mazungumzo ya mara kwa mara. Katika makala haya, yule wa kwanza ataitwa mwelekezi na yule wa pili mwelekezwa. Nchini Kenya, mtindo huu si mgeni kwa walimu. Mpango wa Tusome, ulioanza kutekelezwa katika shule za msingi nchini kote mwaka 2015, uliwatumia maafisa wa kusaidia mtaala kuwatembelea walimu darasani, kuwatazama wakifundisha, kisha kuketi nao na kuzungumzia somo lilivyokwenda. Katika shule za upili, aghalabu kazi hiyo hufanywa na mwalimu mkongwe wa idara.

Simu za mkononi zimerahisisha kurekodi vikao vya aina hii. Hata hivyo, rekodi ya dakika arubaini si kumbukumbu inayofaa kwa mtu anayejiandaa kwa kikao cha pili. Hakuna atakayeisikiliza yote tena akiwa njiani kwenda kazini. Kinachohitajika ni ukurasa mmoja unaojibu maswali matatu: mwelekezwa anataka kufika wapi, ni nini kinachomzuia, na amesema atafanya nini kabla ya kuonana tena? Kuyajibu maswali hayo kwa uaminifu ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la utawala, na ndiyo sababu linawahusu wanafunzi wa Kiswahili.

2.0 Ufupisho wa Darasani na Ufupisho wa Kikao

Mwanafunzi aliyefanya mtihani wa KCSE anaufahamu ufupisho kutokana na Karatasi ya Pili ya Kiswahili, ambapo swali hilo hutengewa alama 15. Hupewa taarifa iliyoandikwa, iliyopangwa na mwandishi mmoja, na aghalabu hoja zake hufuatana kwa mpangilio. Kazi ya mtahiniwa ni kuzitenga hoja na mifano, kisha kuziandika upya kwa idadi ya maneno aliyopewa huku akizingatia utiririko.

Kikao kilichorekodiwa hakina sifa hizo. Kwanza, kina wasemaji wawili, na si kila hoja ni ya mwelekezwa. Pili, hoja hazifuatani. John Whitmore, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu uelekezi kazini, alieneza kielelezo cha hatua nne: lengo, hali ilivyo, njia zilizopo na azma. Mwelekezi anayekifuata kielelezo hicho huanza kwa kuuliza lengo, lakini mazungumzo halisi huzungukazunguka, na aghalabu lengo halisi hujitokeza baada ya nusu ya kikao, pale mwelekezwa anapoacha kulalamika na kuanza kufikiri kwa sauti. Tatu, mfupishaji wa darasani huulizwa mwandishi anasema nini. Mfupishaji wa kikao huulizwa pia msemaji anafanya nini kwa kusema vile: je, anatamani, analalamika, anakubali kwa adabu, au anaahidi?

Swali hili la mwisho ndilo lililoshughulikiwa na J. L. Austin katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, na baadaye na John Searle mwaka 1969. Kwa mujibu wa Searle, ahadi ina masharti yake. Mawili kati ya hayo yanamfaa sana mfupishaji. La kwanza ni kwamba kinachoahidiwa lazima kiwe tendo la wakati ujao la msemaji mwenyewe. La pili ni kwamba tendo hilo lisiwe jambo ambalo ni wazi kwa wote wawili kuwa lingefanyika tu katika mkondo wa kawaida wa mambo. Mwalimu anayesema "nitaendelea kuingia darasani" hajaahidi chochote, kwa kuwa ndiyo kazi yake ya kila siku.

3.0 Viashiria vya Kiisimu vya Kutazamwa

3.1 Nguvu ya ahadi

Kiswahili kina njia nyingi za kuzungumzia kesho, na haziko sawa kwa uzito. Kauli iliyo thabiti zaidi ni ile yenye nafsi ya kwanza umoja, kiambishi -ta-, kitenzi cha kitendo kinachoonekana, na wakati uliotajwa: "Nitasahihisha insha kumi Alhamisi." Kipengele kimoja kikikosekana, ahadi hulegea. "Nitajaribu kusahihisha" huahidi jaribio tu. "Ningesahihisha" hutaja nia iliyofungwa na sharti ambalo huenda halijatajwa. "Tutasahihisha" huacha swali la ni nani hasa. "Itabidi zisahihishwe" huonyesha kuwa wajibu upo lakini haumtaji mwenye kuubeba. Ama "tutaona" na lile la vijana, "nitacheki", aghalabu ni njia ya kulifunga jambo kwa upole bila kulikataa.

Neno linalopotosha zaidi ni "sawa". Mwelekezwa huwa mdogo kwa umri au cheo, na adabu humtaka asimkatalie mkubwa wake waziwazi. Hivyo basi, "sawa, mwalimu" huweza kumaanisha "nimesikia" au "nimekubali". Njia ya kutofautisha ni kusikiliza kinachofuata. Je, mwelekezwa amekirudia kitenzi kile kwa nafsi yake mwenyewe? Akisema "Sawa, nitawagawa Jumatatu", hiyo ni ahadi. Akisema "Sawa" kisha akahamia jambo lingine, pendekezo hilo bado ni mali ya mwelekezi.

Tahadhari kinyume chake inahitajika kuhusu "Mungu akijalia". Mfupishaji hana budi kutambua kuwa maneno haya huandamana na ahadi thabiti kabisa katika usemi wa watu wengi. Kuyahesabu kama dalili ya kusitasita ni kumsoma vibaya msemaji.

3.2 Vikwazo visivyo na mtendaji

Katika kueleza vikwazo, wasemaji hupenda kauli ya kutendeka na ya kutendwa: "muda haupatikani", "madaftari hayasahihishiki", "vitabu havikununuliwa". Kauli hizi humficha mtendaji. Si uongo, lakini huficha jambo ambalo kikao kijacho kinahitaji kulijua: je, kikwazo kiko mikononi mwa mwelekezwa, kiko mikononi mwa mtu mwingine, au ni dhana yake tu? Mfupishaji hapaswi kumbuni mtendaji ambaye hakutajwa. Anachoweza kufanya ni kukiandika kikwazo kama kilivyosemwa, kisha kuweka alama ya kuuliza.

Vivyo hivyo, hukumu kama "wanafunzi hawataki kusoma" iandikwe kama kauli ya msemaji: "anaona kuwa wanafunzi hawataki kusoma". Bila tamko hilo, maoni hugeuka ukweli katika kumbukumbu, na baada ya vikao vitatu huwa yamekuwa tabia rasmi ya darasa zima.

3.3 Mtego wa usemi wa taarifa

Hapa ndipo mafunzo ya shuleni huweza kumponza mfupishaji. Kanuni ya kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa husema kwamba -ta- hubadilika kuwa -nge-, "kesho" huwa "siku iliyofuata", na "hapa" huwa "hapo". Kwa hiyo "Nitasahihisha kesho" huwa "alisema kuwa angesahihisha siku iliyofuata".

Kisarufi, sentensi hiyo ni sahihi. Kimuhtasari, ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba -nge- ina kazi mbili: huonyesha wakati ujao unaotazamwa kutoka wakati uliopita, na huonyesha sharti lisilotimia. Msomaji wa "alisema angesahihisha" hungoja kusikia "lakini". Ahadi imegeuka shaka, na mwelekezwa atakayesoma ukurasa huo atahisi ameshtakiwa kabla hajachelewa. Ya pili ni kwamba "siku iliyofuata" haina maana kwa asiyejua kikao kilifanyika lini.

Njia zinazofaa ni mbili. Ama ahadi inukuliwe kwa usemi halisi, ndani ya alama za kunukuu, ama iandikwe kwa wakati ujao wa kawaida: "Atasahihisha insha kumi tarehe 8." Kanuni ya usemi wa taarifa ilikusudiwa masimulizi ya mambo yaliyokwisha, ilhali muhtasari wa kikao ni hati ya jambo ambalo bado halijatokea.

4.0 Uchanganuzi wa Mfano

Bahati iko kaskazini mashariki mwa mji wa Nakuru, kwenye barabara iendayo Nyahururu. Lugha kadhaa hukutana hapa: Kikuyu, Kiswahili, Sheng, Kiingereza cha ofisini na lugha nyinginezo za Kenya. Rekodi ya kikao cha walimu wawili hubeba mchanganyiko huo. Neno la lugha nyingine linalobeba uzito wa ahadi linafaa kuachwa lilivyo, pamoja na tafsiri. Mathalani, msemaji akisema "no nginya" ya Kikuyu, ambayo ni "lazima", kuiandika "ingefaa" ni kupunguza nguvu ya kauli yake.

Dondoo lifuatalo limetungwa kwa ajili ya uchanganuzi huu. Tuseme kikao kilifanyika Jumanne tarehe 6 Juni, na kinachofuata ni Jumanne tarehe 20 Juni. Mwelekezwa ni mwalimu wa mwaka wa kwanza anayefundisha Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa.

Dakika ya 2
Mwelekezwa: Shida ni hawa wa Kidato cha Tatu, mwalimu. Hawataki kuandika. Ukiwapa ufupisho wanakunakilia taarifa yote vile ilivyo.

Dakika ya 9
Mwelekezwa: Mimi ningependa darasa lipande. Angalau mwisho wa muhula tusiwe wa mwisho.

Dakika ya 14
Mwelekezi: Unasahihisha mara ngapi?
Mwelekezwa: Kusema kweli, madaftari hayasahihishiki. Wako sitini na wawili. Halafu vitabu, wanasoma watatu watatu.

Dakika ya 21
Mwelekezi: Mbona usichukue madaftari kumi na tano kila siku? Ungewagawa katika makundi.
Mwelekezwa: Sawa, mwalimu.

Dakika ya 27
Mwelekezwa: Mimi kwanza, tukisema ukweli, sijui nimweleze vipi mtoto atofautishe hoja na mfano. Nikipata hapo, hayo mengine yatakuja.

Dakika ya 33
Mwelekezi: Basi utaanza na nini?
Mwelekezwa: Nitachukua aya tatu niwaonyeshe ubaoni, hii ni hoja, huu ni mfano. Nitafanya hivyo Ijumaa ijayo. Kisha nitasahihisha ya kundi la kwanza, yale kumi na tano, nikuletee matano uone.
Mwelekezi: Nami nitakutafutia taarifa mbili fupi. Na vitabu?
Mwelekezwa: Itabidi mkuu wa idara aambiwe.

Dakika ya 38
Mwelekezwa: Mambo ya utiririko, hayo tutaona.

Mfupishaji mwenye haraka angeandika hivi: "Lengo ni kuinua matokeo ya darasa. Vikwazo ni wanafunzi wasiotaka kuandika, wingi wa madaftari na uhaba wa vitabu. Mwalimu alikubali kwamba angesahihisha madaftari kumi na tano kila siku, angefundisha hoja na mifano, na angemweleza mkuu wa idara kuhusu vitabu." Aya hii inasomeka vizuri, na karibu kila sehemu yake ina walakini.

Tuanze na lengo. Kauli ya dakika ya 9 ni matamanio: ina "ningependa", na inategemea madarasa mengine yatakavyofanya. Lengo linaloweza kufanyiwa kazi katika wiki mbili limo katika dakika ya 27, ambapo mwalimu anakiri lile asilolijua. Halina neno "lengo" wala "nataka", na ndiyo maana hupotea kwa urahisi. Dalili yake ni sentensi "nikipata hapo, hayo mengine yatakuja", ambayo inaweka jambo moja mbele ya mengine yote.

Kuhusu vikwazo, kauli ya "hawataki kuandika" inapingwa na sentensi iliyo karibu nayo. Anayenakili taarifa nzima ameandika sana; kinachoelekea kumkosa ni namna ya kuchagua. Mfupishaji hana mamlaka ya kutoa uamuzi huo kwa niaba ya mwalimu, lakini anaweza kuziweka kauli mbili pamoja ili kikao kijacho kizione. Zaidi ya hayo, kikwazo kikubwa kilichotajwa, yaani mwalimu mwenyewe kutojua namna ya kueleza, hakimo kabisa katika aya ya haraka.

Kosa zito zaidi liko kwenye ahadi. Mwalimu hakuahidi madaftari kumi na tano kila siku. Hilo lilikuwa pendekezo la mwelekezi, na jibu lilikuwa "sawa" tupu. Katika dakika ya 33 alilirudia kwa kitenzi chake mwenyewe, lakini akalipunguza: kundi la kwanza tu, yaani madaftari kumi na tano kwa jumla. Muhtasari wa haraka unamwandikia mzigo wa kila siku, na kikao cha tarehe 20 kitaanza kwa lawama isiyostahili. Vilevile, "itabidi mkuu wa idara aambiwe" haina mwenyewe, na ahadi ya mwelekezi kuhusu taarifa mbili imesahauliwa. Ni jambo la kawaida kwa mfupishaji kusikiliza ahadi za mdogo na kuziacha za mkubwa.

Muhtasari unaozingatia mambo haya ungekuwa kama ufuatao:

Lengo: Kupata njia ya kuwafundisha wanafunzi wa Kidato cha Tatu kutofautisha hoja na mfano katika ufupisho (dakika ya 27). Matamanio ya muhula: darasa lisiwe la mwisho.

Vikwazo: Mwalimu anasema hajui namna ya kuieleza tofauti hiyo. Wanafunzi ni 62, na wanatumia kitabu kimoja watatu watatu. Anaona kuwa hawataki kuandika. Anasema pia kuwa hunakili taarifa yote. (Je, ni kutotaka au kutojua kuchagua?)

Ahadi za mwelekezwa: "Nitachukua aya tatu niwaonyeshe ubaoni", Ijumaa ijayo (tarehe 9 au 16?). Atasahihisha madaftari 15 ya kundi la kwanza na kuleta matano.

Ahadi ya mwelekezi: Atatafuta taarifa mbili fupi. (Lini?)

Yasiyo na mwenyewe: Kumweleza mkuu wa idara kuhusu vitabu. Utiririko.

5.0 Hatua za Kazi na Uthibitisho

Kutokana na mfano huu, utaratibu unaofaa unajitokeza. Mfupishaji husikiliza rekodi mara ya kwanza bila kuandika, ili aone mazungumzo yalikogeukia. Mara ya pili huandika dakika tu za kauli zenye kutamani, kulalamika, kukubali au kuahidi. Mara ya tatu hurudi kwenye dakika hizo na kuzinakili kauli neno kwa neno. Hakuna haja ya kunakili kikao kizima, kazi ambayo huchukua muda mrefu mara kadhaa kuliko rekodi yenyewe. Ndipo anapozigawa kauli hizo. Dakika zibaki katika muhtasari, kwa kuwa ndizo zitakazomaliza ubishi wowote.

Hatua ya mwisho ni kumpelekea mwelekezwa ukurasa huo mapema, ikiwezekana siku ya pili yake, wakati bado anayakumbuka aliyoyasema. "Ijumaa ijayo" ni kielelezo kizuri cha umuhimu wa hatua hii. Ikisemwa siku ya Jumanne, wengine huielewa kuwa ni Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, na wengine ile ya wiki inayofuata. Rekodi haiwezi kulitatua hilo hata ikisikilizwa mara kumi. Msemaji pekee ndiye anayejua. Tatizo la saa ni la aina hiyo hiyo: "saa nne" ni asubuhi kwa anayehesabu Kiswahili, na ni alasiri kwa anayetafsiri Kiingereza kichwani. Mwelekezwa akijibu "tarehe 16", ahadi inakuwa kamili, na itambidi asahihishe madaftari kati ya tarehe hiyo na tarehe 20. Hapo pia ndipo anapoweza kusema kama ndiye atakayemwona mkuu wa idara.

Uthibitisho huo una mipaka yake. Mwelekezwa mwenye adabu anaweza kuujibu ukurasa mzima kwa "sawa" ile ile. Kwa sababu hiyo, ni bora kumwandikia maswali yanayohitaji tarehe au jina badala ya kumwuliza kama amekubali.

Pana pia suala la idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatambua sauti na taarifa za mtu kuwa jambo linalohitaji kushughulikiwa kwa misingi halali. Mwelekezwa aelezwe kabla ya kurekodiwa ni nani atakayeisikia rekodi na itafutwa lini. Mambo ya faragha yaliyopenya katika mazungumzo, kama vile ugonjwa nyumbani au manung'uniko dhidi ya mwenzake kazini, yasiingizwe katika muhtasari hata kama yanaonekana kuwa vikwazo, isipokuwa mwenyewe ameridhia.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kufupisha kikao cha uelekezi ni kazi ya kupima nguvu ya kauli. Lengo hutafutwa pale msemaji anapoliweka jambo moja mbele ya mengine, hata bila kulitaja kwa jina. Kikwazo huandikwa kama kilivyosemwa, bila kumbunia mtendaji. Ahadi huandikwa kwa kitenzi cha mwenyewe, kwa kiasi alichokitaja mwenyewe, na kwa -ta-, si kwa -nge-. Uwanja huu bado unahitaji utafiti, hasa kuhusu maana za "sawa" katika mazungumzo ya watu wenye vyeo tofauti, na kuhusu namna ahadi inavyobadilika uzito inapohama kutoka lugha ya mama hadi Kiswahili ndani ya sentensi moja. Rekodi chache zilizokusanywa kwa idhini katika shule moja zingetosha kuuanza.